Ripoti ya hospitali isiyo ya fani yako: barua ya kumrudishia Mama wa Ujiji

*Nafasiri Kifaransa na Kiswahili hapa Mwanga, Kigoma. Kazi zangu ni vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, na hati za mizigo ya Kibirizi. Jana Jumatatu mama mmoja wa Ujiji, rafiki wa mama yangu, kaniletea ripoti ya hospitali ya mumewe, Mrundi, kutoka Bujumbura. Kurasa tatu, na elfu ishirini ya kutangulizia. Alhamisi wanapanda basi kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, anataka tafsiri ya Kiswahili. Nimeisoma nikaona siiwezi. Nimwandikieje nisimvunje moyo, na nimwelekeze kwa nani?*

Mdogo wangu, barua iende leo, kabla jua halijazama. Ukimwambia leo, Mama ana kesho nzima ya kumpata mtu mwingine. Ukimwambia kesho jioni, umemwachia usiku mmoja wa kufunga mizigo, na adabu yote utakayoiweka kwenye barua haitamrudishia siku hiyo. Wafasiri tuna tabia ya kulala na karatasi tukitumaini kwamba asubuhi itasomeka vizuri zaidi. Haisomeki.

Kabla ya barua, ijue sababu yako sawasawa, maana sababu uliyoielewa huandikika kwa mistari miwili, na usiyoielewa hujaza ukurasa. Wengi wetu hudhani hati imetuzidi tunapokutana na maneno tusiyoyajua. Neno usilolijua halina shida sana, utalitafuta. La kuogopa ni lile unaloamini unalijua. Wewe umezoea karatasi za serikali, basi ukikuta *ordonnance* mkono utaandika "amri ya mahakama" wenyewe. Kwa daktari hicho ni cheti cha dawa. Hilo ungeligundua, kwa sababu mahakama haiandiki vidonge viwili kutwa mara tatu. Lakini chukua herufi mbili tu, GE, zilizojaa kwenye majibu ya maabara ya Burundi na Kongo. Maana yake hapo ni *goutte épaisse*, tone zito la damu linalotazamwa kwa hadubini kutafuta vijidudu vya malaria. Herufi hizohizo ndizo zinazoanza maneno ya Kifaransa ya ugonjwa wa tumbo wa kuhara na kutapika. Asiyejua akiandika kwamba mgonjwa amekutwa na ugonjwa wa tumbo, sentensi yake itanyooka kabisa, na hakuna atakayeishtukia.

Namba ndizo mbaya kuliko maneno, kwa sababu mfasiri hujiona salama kwenye namba. Anainakili na kusonga mbele. Tazama mgonjwa ambaye ripoti yake inasema TA 14/9. Hiyo ni presha iliyoandikwa kwa sentimita za zebaki, kama wanavyofanya wengi waliosomea udaktari kwa Kifaransa. Kwetu presha huandikwa kwa milimita, kwa hiyo ni 140/90. Hapo daktari wa Mwanza atakunja uso kidogo kisha ataelewa. Sasa shuka mstari wa chini: sukari ya asubuhi kabla ya kula, 1,26 g/L. Mkato ule ndiyo nukta yetu ya desimali, hilo unalijua kutoka kwenye ankara za mizigo. Kwa hiyo utaandika 1.26, na kama umechoka utaiacha ile g/L kwa kuona ni alama tu. Hospitali zetu hupima sukari kwa milimoli kwa lita. Daktari akiona 1.26 isiyo na kipimo atadhani ni milimoli, na sukari ya 1.26 ni ya mtu anayeweza kuwa amepoteza fahamu kwa kuishiwa sukari. Kumbe mgonjwa wetu ana milimoli 7.0, mahali hasa ambapo madaktari huanza kusema kisukari. Ni tarakimu zilezile, na mtu amehamishwa kutoka ugonjwa mmoja kwenda kinyume chake.

Mfasiri wa fani hii huacha namba na kipimo vilevile vilivyoandikwa, kisha akaweka pembeni, ndani ya mabano ya mraba, kipimo kinachotumika huku, ili daktari aone kipi ni cha ripoti na kipi ni cha mfasiri. Hiyo si kanuni ngumu, ila lazima ujue kwanza kwamba pale pana jambo la kulinda. Wewe na mimi tungepita.

Mimi nimepita kweli. Miaka ya nyuma baba mmoja kutoka Uvira aliniletea karatasi ya zahanati ya mwanawe wa miaka 9, akitaka kumwandikisha shule ya bweni upande huu. Karatasi ilisema mtoto alipata *angine* mara mbili ndani ya mwaka. Nilikuwa najua Kiingereza kidogo, na kujua kidogo ndiko kulikoniponza: nikafikiria lile neno lao la kubanwa na moyo linalofanana nalo, nikaandika "ugonjwa wa moyo". Shule ikakataa kumpokea mpaka apimwe moyo. Baba akalipa nauli, akalipa kipimo, akarudi na majibu kwamba moyo wa mtoto hauna neno. *Angine* peke yake ni koo na mafindofindo. Ule wa moyo Wafaransa huuongezea kifua, *angine de poitrine*. Nilimrudishia pesa yangu yote, na bado ilikuwa ndogo kuliko alizopoteza. Tangu siku ile karatasi ya hospitali haikai mezani kwangu hata saa moja.

Kwa hiyo hujakosa uungwana ukikataa. Shirikisho la Kimataifa la Wafasiri liliandika hilo katika hati yake ya maadili iliyopitishwa Dubrovnik mwaka 1963: mfasiri ajiepushe na kazi ya fani iliyo nje ya uwezo wake. Usimtajie Mama hayo, hayamsaidii. Nakutajia wewe usije ukajiona umefanya kiburi.

Sasa niingie pale ambapo barua nyingi za namna hii huharibika. Wewe unafikiri Mama atasikitika kwamba umemnyima msaada. Mimi nafikiri atasikitikia kitu kingine kabisa. Fikiria anavyoiona yeye: kijana anayesoma Kifaransa amepewa karatasi ya mume wangu, ameisoma usiku, asubuhi ameirudisha na pesa juu. Ujiji yote ina jibu moja kwa hilo. *Kijana kaona kifo humo, kashindwa kuniambia.* Kadiri barua yako itakavyokuwa ya upole na kuzungukazunguka, na pole nyingi na dua nyingi, ndivyo atakavyozidi kuamini hivyo. Atalia njia nzima mpaka Mwanza, na huenda karatasi inasema mawe kwenye figo.

Basi sababu ya kukataa lazima ikukalie wewe, isiiguse ripoti hata kidogo. Usiandike kwamba ripoti ni "nzito", wala kwamba "ina mambo mazito ya kitaalamu", wala "suala hili ni nyeti". Kila moja kati ya hayo ni habari ya ugonjwa kwa anayeitafuta. Usiseme pia kwamba ni nyepesi, maana hilo nalo hujui, na kesho ukisemwa ulimdanganya utakuwa umedanganya kweli. Sema wewe ni mtu wa vyeti, na useme wazi kwamba ungeirudisha hata kama ingekuwa ya mtu mzima wa afya. Na usimalizie kwa "Mungu amponye". Najua ni adabu zetu. Mwambie kwa mdomo mtakapoonana siku nyingine.

Kuhusu wa kumwelekeza, anza kwa kuuliza ni nani atakayeisoma tafsiri hiyo. Mama ameomba Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha mnayoongea naye. Lakini atakayeitumia ni daktari, na mafaili ya hospitali zetu za rufaa huandikwa kwa Kiingereza. Ukimpatia tafsiri nzuri ya Kiswahili, daktari ataanza tena kukisia ni neno gani la kitabu chake limekusudiwa. Chukua "uvimbe" tu: kwetu ni mguu uliovimba, na ni kile kinachoota ndani ya mwili pia. Kifaransa cha hospitali hutenganisha vitu hivyo viwili, na Kiingereza vilevile, halafu sisi tunavirudisha kwenye chungu kimoja. Kwa hiyo anayehitajika ni mtu wa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza katika mambo ya tiba. Peke yake hilo linakutoa wewe, ambaye jozi yako ni Kifaransa na Kiswahili, hata kama ungekuwa muuguzi.

Kigoma watu wa namna hiyo wapo kuliko tunavyodhani. Tafuta tabibu au muuguzi aliyesomea ng'ambo ya ziwa kwa Kifaransa, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaandika mafaili kwa Kiingereza kwenye hospitali za huku au kwenye kliniki za kambi ya Nyarugusu. Huyo GE haimbabaishi. Ila tabibu si mfasiri kwa sababu tu ni tabibu. Nimewaona wakifupisha, wakiruka mstari wanaouona hauna maana, au wakisahihisha wanachoona mwenzao amekosea. Mpigie umuulize mambo matatu: amewahi kufasiri ripoti nzima neno kwa neno, si kuieleza tu? Anaacha vipimo kama vilivyoandikwa? Ana nafasi kesho? La tatu ndilo watu husahau, wakampeleka mteja kwa mtu aliyeko safarini. Kumpa mtu jina bila kupiga simu kwanza ni kumkataa mara mbili.

Ukimpigia, usitaje jina la mgonjwa wala usimtumie picha ya ripoti kwa wasapu "aangalie tu kama anaiweza". Karatasi ile si yako. Taarifa za afya za mtu zinalindwa hata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria, Ujiji ni mji ambao habari hufika kabla ya mwenyewe. Idadi ya kurasa, lugha, mji ilikotoka na siku inapohitajika vinamtosha kuamua. Kama uliipiga picha usiku ule, ifute mbele ya Mama.

Ukikosa mtu kabisa, njia ya pili ni Bujumbura penyewe: mume au ndugu yake ampigie daktari aliyeiandika na kumwomba muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Burundi imekifanya Kiingereza lugha rasmi mwaka 2014, na ingawa si kila daktari anakiandika, wapo wanaoweza. BAKITA nao hufasiri, lakini wako mbali, na kwa Alhamisi hii hawatakufaa. Usijali sana muhuri. Cheti cha ndoa bila muhuri hakiendi kokote, ila daktari anachotaka ni kujua kilichopimwa.

Barua ningeiandika hivi. Andika kwa mkono, na usianze na "husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa sababu unamwandikia rafiki wa mama yako, si mkurugenzi wa halmashauri.

> Mwanga, Kigoma
> Jumanne
>
> Shikamoo Mama.
>
> Nakurudishia ripoti ya Baba, kurasa zote tatu kama ulivyonipa, pamoja na shilingi 20,000 ulizotanguliza. Kazi hii sitaifanya mimi.
>
> Sababu ni kwamba mimi ni mfasiri wa vyeti na hati za mizigo, sikusomea lugha ya hospitali. Madaktari wana vifupisho na vipimo vyao ambavyo mtu wa vyeti kama mimi anaweza kuviandika visivyo, na mwenyewe asijue kama amekosea. Ningeirudisha vilevile hata kama ingekuwa ya mtu aliyekwenda kupima akaonekana mzima. Ukiona nimeirudisha, Mama, ujue nimeirudisha kwa ajili ya ufundi wangu tu.
>
> Nimekutafutia anayeifaa. Ni tabibu aliyesoma kwa Kifaransa na sasa anafanya kazi kwa Kiingereza, na ameshafasiri ripoti za namna hii. Nimeongea naye leo asubuhi. Sikumtajia jina lako wala la Baba, na sikumtumia karatasi yoyote. Nimemwambia tu ni kurasa tatu kutoka Bujumbura. Akiipata kesho kabla ya saa tatu asubuhi, ataimaliza kesho hiyohiyo jioni. Bei mtaelewana wenyewe, mimi sina changu humo. Jina na namba yake viko kwenye karatasi ndogo niliyoibana nyuma. Mwambie umetoka kwangu.
>
> Mwombe aifasiri kwa Kiingereza, si Kiswahili kama tulivyosema jana, kwa sababu madaktari wa Bugando wanaandika mafaili yao kwa Kiingereza. Mtakaposafiri mbebe ripoti yenyewe ya Kifaransa, na picha na majibu yote mliyopewa kule, pamoja na tafsiri. Kama tafsiri itachelewa msiahirishe safari. Nendeni na ile ya Kifaransa, tafsiri itawafuata kwa simu.
>
> Kitambulisho cha Baba cha Burundi, kama mtahitaji kifasiriwe, hicho nakiweza na nitakimaliza siku hiyohiyo mtakayokileta.
>
> Mwanao,

Hapo unaweka jina lako na namba ya simu.

Utaona barua inaanza na vitu vinavyorudi, karatasi na pesa, ndipo linakuja "sitaifanya". Nimeiweka hivyo makusudi. Anayesoma barua iliyofungwa na noti ndani tayari ameshajua, na hana haja ya kuteremshwa ngazi mistari sita. Usiandike "sidhani kama nitaweza" au "ingekuwa vigumu kwangu". Mama atasikia kwamba anaweza kukubembeleza, na atakuja na elfu kumi nyingine.

Ile "mimi sina changu humo" usiiandike kama si kweli. Wapo wanaochukua cha juu kwa kumpeleka mteja kwa mwenzao, na katika mizigo ya Kibirizi hakuna anayeshangaa. Kwenye ugonjwa ninaona ni aibu. Lakini kama umekubaliana na tabibu akupe chochote, mwambie Mama kiasi gani, au ufute sentensi hiyo na uone kama bado unaweza kumtazama usoni.

Sentensi ya kutoahirisha safari nimeiingiza kwa sababu nimeona familia zikikaa siku nne zikisubiri tafsiri, mgonjwa akizidi kudhoofika kitandani. Karatasi haijawahi kuwa sababu ya kutompeleka mtu hospitali. Daktari ana macho na ana vipimo vyake, ripoti inamwongezea tu.

Na kitambulisho kimo humo kwa kuwa huo ndio ufundi wako. Usiongeze zaidi ya hapo. Najua utashawishika kusema, "basi angalau nikufasirie ukurasa wa kwanza, ule wa jina na tarehe." Ukurasa wa kwanza ndio mara nyingi wenye historia ya mgonjwa na dawa anazotumia. Ukiufanya, tabibu ataanzia wa pili akiamini wa kwanza uko sawa, na kosa lako litasafiri chini ya jina lake.

Peleka barua mwenyewe, usimpe mtoto wa jirani. Na ujiandae, kwa sababu Mama akishaisoma atakukalisha mkekani, ataifungua tena ile ripoti, na atasema, "Basi usiandike, mwanangu. Nisomee tu kwa mdomo, nijue imesema nini." Hilo ndilo swali alilokuja nalo tangu Jumatatu. Kusoma kwa mdomo ni kufasiri vilevile, ila hakuna karatasi ya kuonyesha ulipokosea, na yeye atayabeba maneno yako mpaka Mwanza na kumwambia mumewe. Usisome hata mstari. Usitazame ukurasa wakati anakuonyesha kwa kidole, maana atausoma uso wako badala yake. Mwambie, "Mama, nikikusomea nitakusomea makosa," kisha mpigie tabibu palepale, na mkabidhi simu waongee wenyewe.